Friza ya Mkopo Hujilipa kwa Muda Gani?

Mwombaji wa mkopo anapoulizwa friza yake itajilipa baada ya muda gani, jibu la haraka huwa ni miezi miwili au mitatu. Jibu hilo hupatikana kwa kugawanya bei ya friza kwa mauzo ya mwezi, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Mauzo si fedha iliyobaki, na rejesho hulipwa kwa fedha iliyobaki.

Chukuliwe mfano wa mama anayetengeneza barafu za ubuyu nyumbani, mwanachama wa kikundi kilichoomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Friza ya lita 200 ameiona dukani kwa shilingi 650,000. Usafiri, kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, pamoja na ndoo na vifaa vingine vinaongeza shilingi 100,000. Mtaji wa kurejeshwa ni shilingi 750,000, si 650,000. Akipewa miezi 12, rejesho lake ni shilingi 62,500 kila mwezi.

Mama huyu anatarajia kuuza barafu 150 kwa siku kwa shilingi 100 kila moja, yaani shilingi 15,000. Kwa siku 30 hizo ni shilingi 450,000, na ndiyo maana huona deni litakwisha kabla ya miezi miwili. Hata hivyo, sukari, ubuyu, maji na mifuko vinagharimu shilingi 55 kwa kila barafu. Kinachobaki ni shilingi 45. Tena hauzi siku 30: akitoa Jumapili, zinabaki siku 26. Faida ya mauzo ni shilingi 175,500 kwa mwezi, na muda wa kujilipa umekwisha kusogea hadi zaidi ya miezi minne.

Gharama inayosahaulika zaidi ni umeme. Nyumba nyingi zenye matumizi madogo zimo katika kundi la bei la D1, ambapo uniti 75 za kwanza kwa mwezi hulipiwa shilingi 100 kila moja, au takribani shilingi 122 baada ya kodi na tozo. Friza ya ukubwa huu, ikijazwa maji ya uvuguvugu kila siku na kufunguliwa mara kwa mara na wateja, inaweza kutumia uniti 3 kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 40 sasa inatumia 130, na haiwezi kubaki katika kundi hilo. Huhamia kundi la T1, ambapo uniti moja ni shilingi 292, au takribani 356 pamoja na kodi na tozo. Ugumu ni kwamba bei hiyo haiishii kwenye friza. Taa, redio na pasi navyo vinalipiwa kwa bei mpya. Kabla ya friza, uniti 40 ziligharimu shilingi 4,880. Baada ya friza, uniti 130 zinagharimu shilingi 46,280. Ongezeko ni shilingi 41,400 kwa mwezi, wakati aliyekadiria kwa bei ya zamani alitenga shilingi 11,000 hivi.

Makadirio hayo yanaweza kupimwa. Mwenye kuazima friza kwa siku chache, au mwenye jirani anayeimiliki, asome uniti zilizobaki kwenye mita ya luku saa moja jioni na azisome tena kesho yake saa hiyo hiyo. Afanye hivyo siku tatu friza ikifanya kazi kama itakavyofanya kazi ya biashara, na siku tatu ikiwa imezimwa. Tofauti ya wastani ndiyo matumizi ya friza. Kupima friza tupu hakusaidii, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme hutumika kugandisha maji mapya.

Baada ya kuondoa umeme, mama huyu anabaki na shilingi 134,100. Umeme ukikatika kwa saa nyingi barafu huyeyuka, mifuko hupasuka, na baadhi ya wateja hukopa wasirudi. Kutenga shilingi 20,000 kwa hasara hizo ni kadirio la wastani. Zinabaki takribani shilingi 114,000. Ukigawanya 750,000 kwa 114,000 unapata miezi sita na nusu, na kwa hesabu hiyo mkopo wa miezi 12 unalipika kwa urahisi.

Kwa hesabu hiyo, lakini, mama huyu hali. Kila jioni anachukua shilingi 3,000 za mboga na nauli ya mtoto kutoka kwenye kopo la mauzo, sawa na shilingi 78,000 kwa mwezi. Kinachobaki kwa ajili ya deni ni shilingi 36,000 tu, na friza itajilipa baada ya miezi 21. Rejesho ni 62,500. Kila mwezi zinapungua shilingi 26,500, ambazo zitatoka kwenye fedha ya sukari na ubuyu hadi biashara ikose malighafi. Na kwa kuwa mkopo ni wa kikundi, pengo lake huwa pengo la wenzake.

Akipunguza matumizi ya nyumbani hadi shilingi 2,000 kwa siku, zinabaki shilingi 62,000, na rejesho linakaribia kutimia. Lakini hiyo ni miezi ya joto. Kuanzia Juni hadi Agosti mauzo yakishuka hadi nusu, faida ya mauzo huwa chini ya shilingi 88,000, huku umeme usishuke kwa nusu, maana friza hutumia umeme hata isipouza. Akitoa nyongeza ya umeme ya shilingi 31,000 hivi na hasara ya shilingi 10,000, zinabaki kama shilingi 47,000, pungufu ya rejesho hata asipochukua senti ya nyumbani. Kwa hiyo mwezi wa kuchukua friza una uzito. Inayoanza kazi Oktoba hupata miezi kadhaa ya joto kuweka akiba ya marejesho ya Juni. Inayoanza Mei huanza na deni.

Kwa cherehani ya miguu hesabu ni nyepesi upande wa nishati, ila ni ngumu upande wa mauzo. Kazi hujaa Desemba na Januari kwa sare za shule na kupungua baadaye, na nguo nyingi hukaa zimeshonwa bila kuchukuliwa. Fundi ahesabu fedha aliyopokea mkononi, si nguo alizoshona, na achukue wastani wa miezi ya kawaida, si wa Januari.

Anayekopa penye riba aongeze riba hiyo kwenye mtaji kabla ya kugawanya. Riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayotozwa kwenye deni la awali la shilingi 750,000 ni shilingi 22,500 kila mwezi, au 270,000 kwa mwaka, na mtaji wa kurejesha huwa shilingi 1,020,000.

Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi na kupelekwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata pamoja na maombi ya kikundi. Muda wa marejesho hujadiliwa kabla ya mkataba kusainiwa. Mwenye kuonyesha miezi 21 kwa tarakimu ana hoja ya kuomba muda mrefu zaidi, au ya kuanza na friza ndogo iliyotumika.