Meneja Afanye Nini Sasa?

Wiki mbili kabla ya kufanya mtihani wa CAPM, kikundi chetu cha kujisomea kilikwama kwenye swali moja kwa karibu saa nzima. Tulikuwa watano, chai imepoa, na dada mmoja wa uhandisi mwaka wa nne alikuwa hataki kabisa kukubali jibu la kitabu. Nimeona niliandike hapa, maana naona wengi wanapiga msuli kukariri istilahi halafu wanachemka kwenye maswali ya aina hii.

Kwa asiyejua, CAPM ni cheti cha usimamizi wa miradi kwa wanaoanza. Kinatolewa na taasisi ya PMI, ile ile ya PMP. Ukiwa umemaliza sekondari na una saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi, unaruhusiwa kukaa. Mtihani una maswali 150 kwa saa 3, yaani sekunde 72 kwa swali. Mengi yanakupa kisa kifupi, kisha yanauliza: meneja wa mradi afanye nini kwanza, au afanye nini baada ya hapo?

Kisa chetu kilikuwa hivi. Hosteli ya ghorofa nne inajengwa, mradi ni wa miezi kumi na sasa ni mwezi wa tano. Mkuu wa makazi, ambaye ndiye mteja, anamfuata meneja saiti na kumwambia anataka mitambo ya sola ya kuchemsha maji iwekwe juu ya paa. Haimo kwenye mkataba. Meneja afanye nini baada ya hapo?

A. Amwambie fundi mkuu aanze, kwa kuwa mteja ndiye mwenye jengo.
B. Amkatalie mteja, kwa kuwa kazi hiyo haimo kwenye mkataba.
C. Akae na timu wapime ombi hilo litagusa vipi muda, gharama, ubora na hatari za mradi.
D. Alipeleke ombi kwenye kamati ya kudhibiti mabadiliko.

Yule dada alichagua A. Alisema, "Jamani, mimi nimekaa saiti. Mkubwa akisema, kazi inaanza. Hayo mengine ni ya vitabuni." Wawili walichagua D. Jibu ni C.

A na B zinafanana kuliko zinavyoonekana. Zote mbili meneja anatoa uamuzi peke yake kabla ya kujua chochote. Tuchukue paa tu. Tangi moja la lita 300 likijaa, maji peke yake ni kilo 300. Weka matangi kumi, umeongeza tani tatu juu ya zege ambayo mhandisi hakuipigia hesabu hiyo. Anayesema ndiyo hajui kama paa litabeba. Anayesema hapana hajui kama pengine lingebeba vizuri tu, na mteja angelipa kwa furaha.

D ndiyo inayoangusha watu, kwa sababu si jibu baya. Ni jibu la kweli lililokuja mapema. Kamati ikikaa itauliza mambo matatu: shilingi ngapi, wiki ngapi, na paa linabeba? Meneja asiyejua atarudishwa na karatasi yake. Kwa hiyo kabla ya D lazima kuwe na C.

Ombi la mabadiliko, kwenye mradi wenye mpango uliokwisha kupitishwa, lina njia yake. Meneja anamsikiliza aliyeomba, anahakikisha kweli kitu hicho hakimo kwenye kazi iliyokubaliwa, na anakiandika kwenye daftari la mabadiliko. Anapima athari na timu. Anapeleka ombi likiwa na namba zake kwa wenye mamlaka ya kuamua. Wakikubali, anarekebisha mpango, ratiba na bajeti, anawajulisha wahusika, ndipo kazi inaanza. Wakikataa, anaandika hivyo daftarini na kumweleza mteja kwa nini.

Sasa chukua kisa kile kile, badilisha sentensi moja. "Timu imepima na kuona kazi itaongeza wiki tatu na shilingi milioni 18." Meneja afanye nini? Hapo C imeshafanyika, kwa hiyo jibu ni D. Badilisha tena: "Kamati imeidhinisha ombi." Mkono utakimbilia kumwita fundi. Subiri. Kama kisa hakijasema mpango umerekebishwa, hatua inayofuata ni kurekebisha mpango, ratiba na bajeti. Fundi akianza leo kwa ratiba ya zamani, mwezi ujao ripoti itaonyesha mradi umechelewa na umezidisha matumizi, wakati kila kitu kilikubaliwa.

Kwa hiyo mteja ni yule yule, paa ni lile lile, lakini jibu limehama mara mbili. Swali linataka ujue kisa kimefika wapi. Kwa hiyo kabla ya kutazama majibu, soma tena sentensi ya mwisho ya kisa na ujiulize: nini kimeshafanyika? Kisha tafuta jibu lililo mbele yake kwa hatua moja tu.

Mazoezini nilianza kuandika kando ya kila swali nililokosa neno moja kati ya mawili: "nimeruka" au "nimerudia". Nimeruka maana yake nilichagua hatua sahihi iliyokuja mapema. Nimerudia maana yake nilichagua jambo ambalo kisa kilikwisha sema limefanyika. Baada ya maswali hamsini niliona karibu makosa yangu yote ni ya kuruka. Nilikuwa na haraka ya kutenda.

Njia hii ina mipaka yake miwili. Kwanza, kukiwa na hatari kwa watu, kama waya wa umeme uko wazi kwenye maji, meneja anasimamisha kazi kwanza, vipimo baadaye. Pili, mradi ukiendeshwa kwa mtindo wa ajaili, ombi jipya kwa kawaida haliendi kwenye kamati. Linaingia kwenye orodha ya kazi zinazosubiri, na mmiliki wa bidhaa ndiye anayepanga litangulie lipi. Kwa hiyo angalia kisa kinasema mradi ni wa mtindo gani.

Turudi kwa yule dada. Tulipomaliza kubishana alinyamaza kidogo, kisha akatusimulia ya fildi yake mwaka jana. Mteja aliagiza kwa mdomo ukuta wa uzio urefushwe, na ukuta ukarefushwa. Malipo yalipofika, mteja akasema hakumbuki kuagiza, na hakukuwa na karatasi. Mkandarasi akakata hasara kwenye posho za vibarua. "Nilikuwa nawaandikia mahudhurio," alisema. "Walikuwa kumi na wanne."

Akachukua kalamu, akafuta A, akaweka C. Halafu akaandika pembeni, kwa herufi ndogo: nimeruka.