Barua ya kuomba muda kwa muuzaji wa unga

Wengi wenu mnaoka mikate na kukopa unga kwenye depo. Deni ikipita siku yake, wengi wanaandika tu: «Nivumilie, nitalipa pole pole.» Muuzaji hawezi kupanga kitu na neno hilo. Barua nzuri inaanzia kwenye mufuko wa unga.

Tuchukue mfano wa mama mwoka mikate wa Katoyi mwenye deni ya dola 300. Mufuko wa kilo 50 anaununua dola 40. Akiukanda na litre 30 za maji, anapata karibu kilo 80 za donge, ni kusema mikate 400 ya gramu 200 mbele ya kuiva. Anaiuzia mabutike dola 15 kwa mikate 100, kwa hiyo mufuko unamuletea dola 60. Akitoa unga dola 40, na kuni, levire, chumvi na wafanyakazi dola 14, anabakia na dola 6. Dola 2 ni za nyumba, dola 4 ni za deni. Kwa juma anaoka mifuko 5: basi anaweza kulipa dola 20. Akiahidi 50 juu ya haya, atazitoa kwenye pesa ya unga, na tanuru itazima.

Mbele ya kuandika, alinganishe karatasi zake na kitabu cha depo, kwani barua yenye sahihi yake ni ushahidi wa deni. Kisha aandike hivi:

«Goma, Katoyi, tarehe 6 Oktoba 2025

Papa, nakusalimia. Ninakubali kwamba nina deni yako ya dola 300. Tangu benki zilifungwa mwisho wa Januari, keshi imekuwa ngumu, na mabutike yanachelewa kunilipa mikate. Naomba nikulipe dola 20 kila siku ya posho, kuanzia tarehe 11 Oktoba, mara 15. Ya mwisho itakuwa tarehe 17 Januari 2026. Unga mupya nitaununua kwa keshi, deni isipande. Ukikubali, tia sahihi kwenye kopi hii.»

Ile ahadi ya keshi ndiyo inamutuliza muuzaji: deni inashuka, na murteja anabaki wake.

Kila mufuko ukiisha kuuzwa, dola 4 ziingie kwenye kopo ya pembeni. Siku ya tatu jioni, kama mifuko 3 imeokwa, kopo iwe na dola 12. Ikiwa na 4 tu, ujue mikate imeenda kwa mukopo au haikuuzwa. Amupigie Papa simu siku ya ine, amwambie ni ngapi ataleta. Asingojee siku ya posho ipite kimya. Na mabutike yanayochelewa, asiyape mikate mingine mpaka yalipe ya kwanza.