Miezi 18 ni ya jengo, si yako

*Mshauri, nina miaka 31, nina mke na watoto wawili hapa Dar es Salaam. Ni mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, mwaka wa tano sasa, mkataba wangu hauna ukomo, mshahara 650,000. Mkandarasi mmoja anayenunua kwetu anataka nikashike stoo ya saiti yake Dodoma, jengo la ghorofa tano, kwa 1,100,000 kwa mwezi. Anasema mradi ni wa miezi 18. Nilipokwenda kuangalia, walikuwa wanajiandaa kumwaga slabu ya tatu, na kibao cha mradi getini kinaonyesha kazi ilianza miezi tisa iliyopita. Mke wangu anasema nisiache kazi ya kudumu kwa kazi ya kuisha. Nifanyeje?*
*Mtunza Stoo, Tabata*

Mwanangu, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umekwenda saiti na umesoma kibao. Sasa kisome tena. Miezi 18 ni ya jengo tangu siku ya kwanza. Wewe unaingia katikati, kwa hiyo umebakiwa na tisa, na hesabu yako ianzie hapo.

Miezi tisa kwa 1,100,000 ni shilingi 9,900,000. Chumba Dodoma tuseme ni 120,000 kwa mwezi, maana familia haitahama na kodi ya Tabata itaendelea. Toa 1,080,000, unabaki na 8,820,000 kabla ya makato. Fedha hizo zitakulisha pia miezi utakayokaa bila kazi baada ya jengo kukabidhiwa. Ukikaa miwili, zinagawanywa kwa miezi 11, sawa na kama 800,000 kwa mwezi. Ukikaa minne, ni kama 678,000. Ukikaa mitano, ni 630,000, yaani umesafiri hadi Dodoma na kulala mbali na watoto kwa mshahara mdogo kuliko wa dukani.

Kwa hiyo hofu ya mkeo ina msingi, ila ukomo wa kazi peke yake haukuumizi. Kinachoamua ni muda utakaokaa bila kazi, na huo una namna ya kuufupisha. Nitaurudia.

Kwanza mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mkataba usio na muda maalumu, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Uliza utaandikiwa upi na utaisha kwa maneno gani. Ukiandikwa tarehe, ikifika kazi imekwisha hata kama vigae havijawekwa. Ukiandikwa "hadi mradi utakapokamilika", jengo likichelewa nawe unaendelea kulipwa. Slabu zilizobaki, paa, lipu, umeme, mabomba na vigae kwa miezi tisa ni kazi nzito, hivyo uwezekano wa kuchelewa ni mkubwa. Kwako maneno hayo ya pili ni bora, ila usiihesabu hiyo miezi ya ziada kama mshahara mkononi.

Kisha uliza swali ambalo wakandarasi hawalipendi: mwenye jengo akichelewesha malipo na saiti ikasimama, mimi nalipwa? Kazi ikisimama mafundi huambiwa wakapumzike nyumbani, na "kupumzika" huko kunaweza kuvuka mwezi. Mtunza stoo anahitajika hata saiti ikiwa kimya, kwa kuwa nondo na saruji hazijilindi, kwa hiyo una hoja. Taka iandikwe.

Jua pia unachokiacha. Kiinua mgongo kwa sheria yetu ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, kwa mtumishi aliyefikisha miezi 12 na ambaye mwajiri ndiye amemwachisha. Ukiacha duka mwenyewe, hukidai. Huko Dodoma, kwa miezi tisa, hufikii hata hiyo 12. Basi omba malipo ya mwisho wa mkataba yaandikwe, tuseme mshahara wa mwezi mmoja siku ya kukabidhi stoo. Mwezi huo mmoja unarudisha hesabu ya miezi mitano bila kazi juu ya 700,000.

Una kitu kimoja ambacho mtu wa ofisini hana: mkandarasi huyu ni mteja wenu. Leja ya duka inajua tabia yake. Je, hulipa kwa muda mliokubaliana, au huchukua kwa mkopo na kuzima simu? Zamani aliagiza lori zima la saruji, siku hizi anatuma pikapu na mifuko thelathini kwa fedha taslimu? Anayebanwa na fedha huanza kwa wauzaji, kisha hufika kwenye mishahara. Usitoe siri za duka, ila macho yako unayo.

Sasa huo muda wa kukaa bila kazi. Wengi huanza kutafuta jengo likishakabidhiwa, wakati huo wamekwisha kuchelewa. Stoo yenyewe itakuambia mapema. Nondo na mirunda ya slabu vikiacha kuingia, mafundi wa nondo na mbao wako mlangoni kuondoka. Lipu ya ndani ikifika ghorofa ya mwisho, na mzigo mpya ukawa vigae, rangi na vyoo, wewe umebakiwa na miezi michache. Huo ndio wakati wa kuanza kuongea na watu, ukiwa bado na kazi.

Uongee na nani? Meneja wa mradi kwanza, kwa sababu mara nyingi yeye huhamishiwa saiti nyingine kabla ya makabidhiano. Akiondoka na wewe kichwani, amekutengenezea nafasi. Akiondoka bila kukuandikia barua inayotaja jengo, thamani yake na stoo uliyoisimamia, utamtafuta kwa simu miezi mingi. Cheti cha utumishi ni haki yako kisheria mkataba ukiisha, lakini hakisemi kwamba hukupoteza mfuko hata mmoja. Barua inaweza kusema.

Halafu madereva wa malori na wauzaji wa kokoto. Hao wanajua saiti mpya inapofunguliwa kabla ya tangazo lolote, maana wao ndio huulizwa bei. Angalia pia kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, zabuni za ujenzi zilizotolewa Dodoma na mikoa ya jirani. Mkandarasi akishapata kazi huhitaji wiki kadhaa kujenga ofisi na stoo ya saiti, na mtunza stoo ni miongoni mwa wa kwanza kuajiriwa. Ukiingia hapo, miezi 18 ya jengo inakuwa yako kweli: kwa mshahara uleule na kodi ileile, hata ukikaa miezi minne bila kazi, unabaki na kama 800,000 kwa mwezi.

Kabla ya siku ya mwisho, hesabuni stoo pamoja na mtu wa makao makuu, kadi za stoo zilingane na hati za kupokelea mizigo, wote mtie saini, na nakala ubaki nayo. Bila karatasi hiyo, mifuko iliyopotea baada yako inaweza kukatwa kwenye malipo yako ya mwisho.

Ushauri wangu: akikubali kuandika "hadi mradi utakapokamilika", mshahara saiti ikisimama, na malipo ya mwezi mmoja mwisho wa mkataba, nenda. Akikubali mawili, mwonyeshe mkeo hesabu na muamue pamoja. Akisema "tutaongea ukishafika", baki dukani, na umwombe akukumbuke kwenye mradi ujao, siku anayochimba msingi.