Ng'ombe wako, mikono ya mwingine: jinsi ya kupanga malipo ya mchungaji

Watu wengi wa Masalani wenye mifugo hawakai nayo. Mwenye ng'ombe ana duka mjini, ameajiriwa Garissa au anaishi Nairobi, na ng'ombe wako malishoni mwa Ijara. Ukame ukizidi huvushwa kuelekea delta ya Mto Tana au misitu ya Boni. Anayeamua walale wapi, wanywe lini na wakamuliwe kiasi gani ni mchungaji wa kuajiriwa. Mali ni ya mmoja, maamuzi ni ya mwingine.

Wanauchumi huliita hili tatizo la mwenye mali na wakala wake. Mwaka 1976 Michael Jensen na William Meckling waliandika makala maarufu wakieleza kwamba meneja asiyemiliki kampuni yote hubeba taabu yote ya kazi lakini hupata sehemu tu ya faida, kwa hiyo ana sababu ya kujipunguzia taabu. Mwenye kampuni naye hawezi kumchunga saa zote. Mchungaji wa Ijara yuko katika nafasi hiyo hiyo bila kuwa mtu mbaya. Kwenda mbali kutafuta nyasi nzuri ni mwendo wake, si wako. Maziwa anayomnyima ndama yanajaza kibuyu chake leo, na hasara ya ndama dhaifu utaiona wewe baada ya miezi.

Mifano mitatu ya malipo

Tuchukue kundi la ng'ombe 40, majike 25 kati yao wakiwa wa kuzaa. Bei na mishahara hapa ni ya kufanyia hesabu tu. Weka ya kwenu. Tuseme mwaka wa kawaida ndama 15 hufika umri wa kuachishwa maziwa, mwaka wa mvua nzuri 20, mwaka wa ukame 5, na kila ndama ana thamani ya shilingi 15,000.

Mpango wa kwanza ni mshahara mtupu, shilingi 12,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 144,000, mvua inyeshe isinyeshe. Mchungaji analala na uhakika, lakini ndama 5 au 20 ni sawa kwake. Bidii yake inategemea heshima na undugu peke yake.

Mpango wa pili ni ndama tu. Ili apate kipato kinachokaribia hicho mwaka wa kawaida, itabidi umpe ndama 3 katika kila 5, yaani 9 kati ya 15, wenye thamani ya 135,000. Sasa ana kila sababu ya kujituma. Lakini ukame ukija anabaki na ndama 3, shilingi 45,000, ilhali watoto wake wanakula kila siku. Umemtwika hatari ya mvua, kitu asichoweza kukizuia. Mtu wa namna hiyo huondoka katikati ya ukame, wakati unamhitaji zaidi, au huuza mnyama mmoja na kusema ameliwa na fisi.

Mpango wa tatu unachanganya: shilingi 8,000 kwa mwezi, na ndama 1 katika kila 5 walioachishwa maziwa. Mwaka wa kawaida anapata 96,000 na ndama 3, jumla 141,000. Mwaka mzuri 156,000. Mwaka wa ukame 111,000. Chakula cha nyumbani kimelindwa, na bado kila ndama watano anaowaokoa wanamwongezea mmoja. Mizani iko hapo: kadiri unavyomfungamanisha na matokeo, ndivyo unavyomtwika bahati mbaya isiyo yake. Kwa kuwa maskini hawezi kubeba hatari kama tajiri, sehemu isiyobadilika lazima iwepo.

Lipia kilicho mikononi mwake

Motisha huelekeza bidii pale ulipopima, na kuiondoa pale usipopima. Ukimlipa kwa idadi ya ndama wanaozaliwa, hutajua wangapi walikufa wiki ya sita kwa kukosa maziwa. Ndiyo maana hesabu ifanywe wakati wa kuachishwa. Ukimlipa kwa idadi ya vichwa vilivyo hai, atapinga kuuza maksai mapema kabla ya ukame, na mtabaki na wanyama wengi waliokonda ambao soko la Garissa haliwataki. Hapo mpe pia sehemu ndogo ya pesa za mauzo.

Hata taasisi kubwa hunaswa na mtego huu. Nchini Marekani benki ya Wells Fargo iliwasukuma wafanyakazi kwa malengo ya idadi ya akaunti, nao wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Mwaka 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185. Lengo lilifikiwa kwenye karatasi, biashara ikaharibika.

Tatizo la pili ni kutenganisha uzembe na mvua mbaya. Njia rahisi ni kulinganisha na majirani. Kundi lako likipoteza 4 na makundi mengine ya malisho yale yale yakipoteza 10 kwa kila 40, mchungaji wako amefanya kazi na anastahili zawadi hata kama umepata hasara. Mambo yakiwa kinyume, uliza maswali. Mantiki hii ndiyo iliyojenga bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010: inalipa kwa kuangalia kukauka kwa malisho kwa picha za setilaiti, si kwa kuhesabu mizoga. Kwa hiyo anayetunza mifugo yake vizuri hapotezi fidia, na mzembe haongezewi.

Ushahidi wa kukubaliana mapema

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila jike na alama yake ya sikio au ya chuma, pamoja na tarehe ya kuzaa. Hesabu kundi siku ya chanjo, wanyama wanapopitishwa mmoja mmoja, kwa sababu siku hiyo ni vigumu kuazima ng'ombe wa jirani. Mnyama aliyekufa aonyeshwe kwa ngozi yenye alama na shahidi asiye wa familia ya mchungaji. Aliyepotea aripotiwe siku ile ile kwa simu. Taarifa inayokuja baada ya wiki mbili, tena siku chache baada ya siku ya soko, inahitaji kuchunguzwa.

Ndama wa mchungaji wabaki kundini mwako kwa muda, kama meneja anayelipwa kwa hisa asizoruhusiwa kuziuza mara moja. Anakuwa mwenzako katika mali, na hatari ya kuondoka ghafla inapungua. Hapa pana mwanya mmoja: akijua tangu mwanzo kuwa ndama fulani ni wake, maziwa yataelekea huko, na atakayekufa atakuwa wako. Kwa hiyo ndama wa mgao wachaguliwe kwa kura siku ya kuachishwa maziwa, mbele ya mashahidi. Kabla ya siku hiyo hajui yupi ni wake, basi itambidi awatunze wote.

Mwishoni, andikeni mapema masharti ya mwaka mbaya: mshahara hautakatwa, nani atalipia maji na dawa, na nani ana idhini ya kuuza wanyama wangapi bila kukupigia simu. Makubaliano mengi huvunjika ukame ukiwa umeshaingia, kila mmoja akiwa na hofu ya mali yake. Yaandikwe mvua zikiwa zinanyesha, pande zote mbili zikiwa na nafasi ya kukataa.