Kuutambua Mshubiri wa Kweli kwa Madoa, Miiba ya Ukingo na Suke la Maua

Mmea ambao watu wa Nachingwea na Ruangwa huuita alovera, na ambao vitabu vya mimea huutambua kwa jina la Aloe vera, si mwenyeji wa vilima vya mawe vinavyozunguka wilaya hizo mbili. Asili yake ni Rasi ya Arabuni, na kila mche wake unaoonekana kando ya nyumba ulipandwa na mtu, kwa sababu mmea huu hutoa mbegu kwa nadra sana na huzaliana kwa machipukizi yanayoota kwenye shina lake. Jamaa zake wa porini, ambao kwa Kiswahili wote huitwa mishubiri, huota wenyewe kwenye nyasi na miambani, na mara nyingi hung'olewa na kupandwa nyumbani kwa jina lilelile la alovera. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kaya yoyote ni mche ulitoka wapi, maana ule uliochimbwa kilimani karibu hakika si Aloe vera.

Hatari ya kuuchanganya na jamaa zake huanzia ndani ya jani. Kila jani la mshubiri lina vitu viwili vinavyotofautiana: ute, yaani nyama angavu ya katikati isiyo na rangi, na utomvu, yaani maji ya manjano machungu yanayotoka chini ya ganda mara jani linapokatwa. Utomvu huo una aloini, kemikali inayoyafanya matumbo yaendeshe kwa nguvu, na ndio uliokaushwa tangu kale kuwa subiri ya kuharishia. Mshubiri wa kweli, yaani Aloe vera, una jani nene lenye ute mwingi unaoweza kutengwa na utomvu bila shida kubwa, ilhali katika spishi nyingi za porini ute ni kidogo na kuutenga ni vigumu. Zaidi ya hayo, undugu wa mimea hauthibitishi usalama wake: Aloe ballyi, inayoota kaskazini katika maeneo ya mpakani mwa Kenya na Tanzania, imegunduliwa kuwa na sumu ya jamii ya koniini, ambayo hudhuru mishipa ya fahamu.

Alama ambayo watu huitegemea zaidi ni madoa, nayo ndiyo inayowapoteza wengi. Mche mchanga wa Aloe vera huwa na vidoadoa vyeupe kwenye jani, na kadiri unavyokua na jani kunenepa, madoa hayo hufifia hadi jani la mmea mzima likabaki la kijani chenye rangi ya majivu, ingawa aina moja hubaki nayo hata utu uzimani. Aloe lateritia, spishi iliyoenea sehemu nyingi za Tanzania, hubaki na madoa maisha yake yote, tena madoa marefu, meupe na mengi upande wa juu wa jani, yaliyojipanga katika mikanda isiyo sawa inayokatiza jani, huku upande wa chini ukiwa na madoa machache au ukikosa kabisa. Jani lenye madoa, likitazamwa peke yake, halitoi hukumu, kwa sababu linaweza kuwa la mtoto wa mshubiri wa kweli au la mtu mzima wa spishi nyingine.

Ukingo wa jani husema zaidi. Aloe vera ina miiba midogo iliyopauka, yenye urefu wa milimita 2 hivi, isiyochoma sana kidole kinapopitishwa polepole. Miiba ya Aloe lateritia ni ya kahawia, mikubwa na mikali, na mara nyingi imesimama juu ya ukingo mgumu wa rangi hiyohiyo, hata kidole kinakataa kupita. Hapa pia inafaa kuutenga mkonge na jamaa zake, ambao wengine huwa na miiba pembeni: jani la mshubiri likivunjwa hukatika bila kuacha nyuzi, lakini la mkonge huacha nyuzi ngumu zisizokatika kwa mkono, na maji yake huwasha ngozi.

Ushahidi wenye uzito mkubwa kuliko yote ni suke, yaani mlingoti unaoinuka katikati ya majani ukiwa umebeba maua. Suke la Aloe vera hufikia sentimita 60 hadi 90, halina matawi au lina moja au mawili tu, na maua yake ya manjano, yenye urefu wa sentimita 3 hivi, hujipanga kwa wingi kuzunguka sehemu ya juu, yakining'inia kwenda chini, na fungu lake huchongoka kuelekea kileleni. Aloe lateritia hutoa suke lenye matawi kadhaa, na kila tawi huishia kwenye kichwa kifupi kilichotanda juu, chenye maua ya rangi ya matofali au ya machungwa. Kwa kuwa baadhi ya mimea yake huchanua manjano, rangi isichukuliwe kuwa kithibitisho. Litazamwe umbo la ua lenyewe. Ua la Aloe lateritia lina tumbo la mviringo chini, kisha hubanwa ghafla kabla ya kurefuka, wakati ua la Aloe vera ni bomba lililonyooka bila mbano huo. Kusini mwa Tanzania, kwenye vilima vya mawe, ipo pia Aloe mawii, ambayo suke lake huinama hadi kukaribia kulala, na maua yake mekundu yote huelekea juu upande mmoja.

Uchukuliwe mfano wa kaya iliyopewa mche wenye madoa, usio na ua, ukiwa na majani ya urefu wa shubiri moja. Kaya hiyo haiwezi kuamua kwa madoa, hivyo itatazama ukingo: miiba ikiwa ya kahawia na mikali, mmea hauhitaji kusubiriwa, utengwe na usitumiwe; ikiwa midogo na iliyopauka, mche upandwe juani penye udongo usiotuamisha maji, uachwe hadi uchanue, na hapo suke lithibitishe. Kusubiri kunaweza kupita mwaka, lakini hakuna njia ya mkato kwa mche mchanga, na kuuonja si kipimo, kwa kuwa utomvu wa spishi zote mbili ni mchungu.

Hata mmea ukishathibitishwa kuwa Aloe vera, matumizi ya nyumbani yaishie kwenye ngozi. Jani lililokatwa lisimamishwe dakika 10 hadi 15, upande uliokatwa ukiwa chini, mpaka utomvu wa manjano uchuruzike, kisha lioshwe na kumenywa ndipo ute upakwe kidogo ndani ya mkono na kungojewa siku nzima kabla ya kupakwa penginepo. Penye moto uliounguza ngozi, maji safi ya kawaida yatangulie kwa dakika 20, na jeraha lenye malengelenge makubwa au lililochimba lipelekwe zahanati bila kupakwa chochote. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasinyweshwe kabisa jani la mshubiri wowote, awe amelitambua nani na kwa jina gani, na aliyekwisha kunywa akaanza kuharisha apewe maji ya chumvichumvi yenye sukari na afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, pamoja na jani lenyewe na suke lake kama lipo, ili mhudumu aone ni mmea gani ulionywewa.