Dondoo muhimu: Barua ya mwisho kwa mdeni

Umemkopesha mchuuzi wa Sironga ndizi za Sh48,000, akalipa Sh15,000 kisha akanyamaza. Kabla ya kwenda kortini, mwandikie hivi.

1. Taja deni kwa hesabu: tarehe ya mzigo, bei, alicholipa kwa M-Pesa, salio Sh33,000. Riba usiongeze kama hamkukubaliana.

2. Weka tarehe kamili ya mwisho na nambari ya kulipia. "Haraka iwezekanavyo" si tarehe. Siku 14 zinatosha.

3. Andika matokeo kwa sentensi moja: "Usipolipa kufikia tarehe hiyo, nitawasilisha madai katika Mahakama ya Madai Madogo, pamoja na gharama." Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na unaweza kujiwakilisha bila wakili.

4. Usitishie polisi wala dalali. Deni la kawaida si jinai, na dalali haji kunadi mali bila amri ya korti. Matusi ndiyo mabaya zaidi, maana barua hii hakimu ataisoma.

5. Usinakili kichwa cha "bila kuathiri haki" kutoka barua za mawakili. Maneno hayo ni ya mazungumzo ya suluhu, na yanaweza kuizuia barua isitumike kama ushahidi.

6. Peleka nakala mbili. Atie sahihi na tarehe kwenye yako. Akikataa, shahidi uliyeandamana naye aandike siku na mahali, kisha mtumie picha ya barua kwa WhatsApp.

7. Akiomba kulipa kidogokidogo, akubali deni kwa maandishi.