Kutoka kikundi hadi SACCOS: hisa, masharti na uchaguzi

Maswali haya huulizwa mara kwa mara na vikundi vya kuweka na kukopa vya Tanzania Bara vinavyotaka kusajiliwa kuwa chama cha ushirika wa akiba na mikopo. Ili majibu yasielee hewani, tutumie kikundi cha mfano: wauza dagaa 32 wa Kirumba, Mwanza, ambao wamekuwa wakichangishana kila wiki na kugawana mwisho wa mwaka.

Tupo 32 na tuna mwenyekiti, katibu na daftari. Si tayari ni chama?

Bado. Kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, SACCOS huundwa na watu wasiopungua 20, kwa hiyo idadi mnayo. Mnachokosa ni fungamano lililoandikwa, yaani jambo linalowaunganisha (kwenu, biashara ya dagaa katika eneo fulani), pamoja na mkutano wa waanzilishi wenye muhtasari unaoeleweka. Kamwiteni Afisa Ushirika wa halmashauri kabla ya mkutano huo, si baada yake. Wengi humwendea na makaratasi yaliyokwisha kujazwa, naye hana la kufanya ila kuwarudisha waanze upya.

Mkutano wa waanzilishi huamua jina, hupitisha rasimu ya masharti, hukubali thamani ya hisa na kuchagua viongozi wa muda watakaofuatilia usajili. Kisha maombi hupelekwa kwa Mrajis kupitia mfumo wa kielektroniki wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika uitwao MUVU, yakiwa na muhtasari, masharti, orodha ya wanachama na andiko linaloonyesha kwamba chama kitajiendesha. Kasoro ninayoiona zaidi ni ndogo na ya aibu: muhtasari unasema wamehudhuria 32, lakini saini zipo 27. Wale watano walikuwa sokoni na "wanaafiki". Anayepitia maombi hana njia ya kujua kama wanaafiki.

Cheti cha usajili kikitoka, tunaanza kukopeshana?

Hapana. Cheti kinakipa chama uhai wa kisheria: kinaweza kufungua akaunti, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Ruhusa ya kupokea akiba na kutoa mikopo ni leseni, inayotokana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwa SACCOS hutolewa na Tume hiyohiyo. Kanuni za leseni zinataka kiwango cha chini cha mtaji. Muulizeni Afisa Ushirika kiwango cha sasa kabla hamjapanga bei ya hisa, kwa sababu zinazofuata.

Hisa na akiba zina tofauti gani? Si zote ni fedha zetu?

Hapa ndipo ugomvi wa vyama vingi vichanga unapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Hisa ni umiliki, ndiyo mtaji wa chama. Chama kikipata hasara, hisa ndizo zinazoumia kwanza. Akiba ni deni la chama kwa mwanachama: leo iko kwenye kitabu cha chama, kesho anaweza kuidai kwa utaratibu uliowekwa. Ndiyo maana akiba, hata iwe nyingi kiasi gani, haihesabiwi kuwa mtaji.

Tuseme wauza dagaa wetu wameweka hisa moja shilingi 20,000, na kila mmoja alazimike kununua tano. Ni shilingi 100,000 kwa mtu, 3,200,000 kwa wote 32. Ikiwa kiasi hicho hakifikii mtaji unaotakiwa, dawa ni kuongeza idadi ya hisa za lazima, labda kwa kuruhusu zilipwe kwa awamu, na si kujaza andiko kwa akiba.

Sasa mmoja wao, mwenye maghala mawili, anajitolea kuweka hisa za milioni mbili "ili chama kisimame". Nia njema, lakini sheria haimruhusu mtu mmoja kumiliki zaidi ya moja ya tano ya hisa zote. Wenzake 31 wana 3,100,000. Akinunua hisa 38, yaani 760,000, jumla inakuwa 3,860,000 na moja ya tano yake ni 772,000, kwa hiyo bado yuko ndani ya mpaka. Ya 39 inamtoa nje ya mpaka. Kilichobaki akiweke kuwa akiba, ambayo haina ukomo wa aina hiyo. Na hata akiwa na hisa 38, kura yake ni moja, sawa na mwenye hisa tano.

Mwanachama akijitoa, anarudishiwa hisa zake?

Akiba hurudishwa baada ya kukata deni lake na kuangalia aliowadhamini. Hisa kwa kawaida huhamishiwa mwanachama mwingine au anayeingia. Waliozoea kugawana kila Desemba hushtuka sana wakilisikia hili mara ya kwanza. Afadhali walisikie kabla ya kuweka saini.

Masharti ya mfano yapo. Kwa nini tusijaze jina tu?

Yatumieni kama kiunzi, lakini someni kila mahali palipoachwa wazi. Kiingilio, muda wa notisi ya kujitoa, kiwango cha mkopo kulinganisha na akiba, akidi ya mkutano: kila kimoja kitawabana baadaye. Nimewahi kuona masharti ya wafanyabiashara yanayosema marejesho yatakatwa kwenye mshahara. Yalinakiliwa kutoka chama cha walimu, na hakuna mjumbe aliyegundua mpaka mdaiwa wa kwanza alipogoma. Kuyarekebisha kulihitaji mkutano mkuu mwingine, na marekebisho hayafanyi kazi mpaka Mrajis ayasajili. Yasomeni kwa sauti mkutanini, kifungu kwa kifungu. Inachosha, lakini ni asubuhi moja.

Uchaguzi: viongozi wetu wa zamani hawawezi kuendelea tu?

Wanaweza kugombea kama wengine. Mkutano mkuu wa kwanza baada ya usajili ndio unaochagua bodi kwa kura ya siri, na viongozi wa muda hukoma hapo. Angalieni sifa zilizotajwa katika sheria na masharti yenu. Kiongozi wa kisiasa, diwani kwa mfano, hafai kuwa mjumbe wa bodi hata kama ndiye aliyewaunganisha.

Binafsi ningetumia muda mwingi zaidi kuchagua kamati ya usimamizi kuliko mwenyekiti. Hii ndiyo inayokagua kazi ya bodi kwa niaba ya wanachama, kwa hiyo mjumbe wake hawezi kuwa pia kwenye bodi, na si busara awe mke, mume au ndugu wa mtunza fedha. Wachagueni wale wanaojua kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Kwa wauza dagaa 32, bodi ya watu saba na kamati ya watatu zinachukua karibu theluthi ya wanachama. Bodi ya watano ingewatosha.

Baada ya kura, nini cha haraka?

Benki. Peleka muhtasari wa uchaguzi na ubadilishe watia saini wiki hiyohiyo. Viongozi wa muda wakikabidhi, waandike hati ya makabidhiano: vitabu, mihuri, stakabadhi ambazo hazijatumika, na salio la siku hiyo. Fedha za kikundi cha zamani ziingie kwa majina, kila mtu akionyeshwa kiasi gani chake kimekuwa hisa na kiasi gani kimekuwa akiba, naye aweke saini.